Windows haipati faili zako: namna ya kukagua na kujenga upya faharasa ya utafutaji

Wengi wanaouliza kuhusu jambo hili huwa wameshabonyeza Rebuild, kitufe cha kujenga upya faharasa, wakasubiri usiku kucha, na asubuhi faili bado haionekani. Wanabonyeza tena. Mara nyingi kosa haliko kwenye faharasa yenyewe. Faili wanayoitafuta iko mahali ambapo Windows haikuwahi kuambiwa ipaangalie, na hata ukiijenga upya mara kumi, faharasa itarudi na pengo lilelile.

Kwa hiyo kwenye mwongozo huu kujenga upya ni hatua ya tano. Zinazotangulia ni za kujua kama unahitaji kufika huko, na wengi wenu mtaishia ya nne.

## Mambo mawili yanayochanganywa

Unapoandika neno kwenye kisanduku cha kutafutia, Windows haipekui diski nzima. Hufanya kama mtunza stoo anayefungua daftari lake badala ya kuzunguka kwenye kila rafu. Daftari hilo ndilo faharasa: hifadhidata inayojazwa polepole na huduma iitwayo Windows Search, ambayo husoma majina ya faili na, kwa aina nyingi za nyaraka, maandishi yaliyomo ndani.

Utafutaji hukwama kwa njia mbili. Ama daftari limeharibika, kwa mfano kompyuta ilizimika ghafla wakati linaandikwa, ama rafu fulani haikuwahi kuandikwa humo. Rebuild hutibu hali ya kwanza tu.

Tutatumia mfano mmoja mpaka mwisho. Ni kompyuta ya steshenari inayochapa mikataba, barua na mitihani. Fundi aliigawa diski sehemu mbili, C na D, na kazi zote za wateja zimo `D:\KAZI`. Mteja amerudi anataka nakala ya mkataba wa pango. Karani anaandika "pango" kwenye menyu ya Start, hakitokei kitu. Anafungua D na kutafuta humo. Mstari wa maendeleo unajikokota dakika kadhaa, kisha zinakuja faili zenye "pango" kwenye jina tu. Mkataba wenyewe aliuhifadhi kwa jina la mteja, na neno "pango" limo ndani ya waraka.

## Vitu vya kuwa navyo

- Akaunti ya msimamizi wa kompyuta, au nywila yake.
- Umeme wa uhakika. Laptopu iwe kwenye chaji, kwa sababu ikiwa kwenye betri Windows hupunguza au husitisha kazi hii.
- Nafasi kwenye diski C. Kwa kawaida faharasa haizidi asilimia 10 ya ukubwa wa faili zinazoorodheshwa, lakini ukiwa na nyaraka nyingi ndogondogo za maandishi inaweza kupita hapo.
- Jina la faili moja ambayo una hakika ipo, na neno moja lililomo ndani yake. Bila hiyo hutajua kama umefaulu.

Hatua zote zinafanya kazi kwenye Windows 10 na Windows 11.

## Hatua ya 1: Hakikisha faili ipo kweli

Kabla ya kuilaumu Windows, tafuta faili kwa njia isiyotumia faharasa kabisa. Bonyeza kitufe cha Windows, andika `cmd`, bonyeza Enter, kisha andika amri hii ukiweka neno lililomo kwenye jina la faili yako:

```
dir /s /b /a D:\*juma*
```

Amri hii hupita kila folda ya D, hata zilizofichwa, na kuorodhesha kila faili yenye "juma" popote kwenye jina. Hapa kwenye mfano wetu tumeweka jina la mteja.

Ukiona mstari kama `D:\KAZI\2024\juma-nyumba.docx`, faili ipo na kazi inaendelea. Ukijibiwa `File Not Found`, jaribu C na diski nyingine. Ikikosekana kote, acha kuhangaika na faharasa: faili ilifutwa, ilipewa jina lingine, au ilibaki kwenye flashi ya mteja.

## Hatua ya 2: Jaribio la neno la ajabu

Jaribio hili huchukua dakika chache na ndilo linaloamua uelekee wapi.

Fungua Notepad, andika neno ambalo haliwezi kuwepo kwenye faili nyingine yoyote, mfano `kizumbwezumbwe`, kisha hifadhi ndani ya folda ya Documents kwa jina `jaribio.txt`. Usiliweke neno hilo kwenye jina la faili. Subiri dakika mbili. Sasa fungua Documents na kwenye kisanduku cha kutafutia kilicho juu kulia andika:

```
content:kizumbwezumbwe
```

Kwa nini Documents? Kwa sababu imo ndani ya folda ya mtumiaji, ambayo Windows huiorodhesha tangu siku ya kwanza bila kuambiwa. Ikishindwa kupata kitu humo, tatizo ni mtambo wenyewe, si mahali ulipohifadhi.

`jaribio.txt` ikitokea papo hapo, faharasa yako ni nzima. Ruka moja kwa moja hadi hatua ya 4. Isipotokea, au ikitokea baada ya mstari wa maendeleo kujikokota kwa muda, nenda hatua ya 3.

Kwenye steshenari yetu ilitokea mara moja. Mpaka hapo tunajua kwamba Rebuild isingemsaidia karani yule.

## Hatua ya 3: Je, huduma inafanya kazi?

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `services.msc`, bonyeza Enter. Shuka hadi Windows Search. Safu ya Status iseme Running, na Startup Type iseme Automatic (Delayed Start).

Ukikuta Disabled, kuna mtu aliizima. Mafundi wengi huizima wanapoambiwa "kompyuta ni nzito", na kuna programu za kuharakisha kompyuta zinazofanya hivyo kimyakimya. Kwenye mashine ya zamani yenye diski inayozunguka na RAM ndogo, sioni kama ni uamuzi wa kipuuzi. Uorodheshaji huichosha diski kweli. Ubaya ni kwamba mwenye kompyuta haambiwi alichopoteza.

Bofya mara mbili jina la huduma, chagua Automatic (Delayed Start), bofya Apply, kisha Start. Neno "Delayed" maana yake ni kwamba kila ukiwasha kompyuta huduma itachelewa kidogo kuanza, kwa hiyo usiipime dakika ileile mashine ilipowaka. Ipe muda, kisha rudia jaribio la hatua ya 2.

Isipokubali kuanza kabisa, nenda hatua ya 6. Ikianza na kuzimika yenyewe, nenda hatua ya 5, na pengine ya 6.

## Hatua ya 4: Kagua maeneo yanayoorodheshwa

Bonyeza Windows na R, kisha andika:

```
control.exe srchadmin.dll
```

Litafunguka dirisha la Indexing Options. Soma mstari wa juu kwanza. Unataja idadi ya vitu vilivyoorodheshwa na hali ya kazi. Indexing complete. maana yake imemaliza. Indexing speed is reduced due to user activity. maana yake inaendelea polepole kwa sababu unatumia kompyuta. Hilo si kosa. Indexing is not running. inakurudisha hatua ya 3.

Sasa tazama orodha ya Included Locations. Hapa ndipo siri ya wengi ilipo. Kwa kawaida utakuta Start Menu, Users, na labda barua pepe za Outlook. Diski D haimo. Windows haiiweki yenyewe, na haikwambii kwamba haikuiweka.

Bofya Modify. Usipoona diski zote, bofya Show all locations. Fungua mshale ulio kando ya D, kisha tia tiki kwenye folda ya `KAZI` peke yake, halafu OK.

### Usitie tiki diski nzima

Kishawishi ni kutia tiki D yote, na hata C yote, ili kusibaki kitu. Usifanye hivyo. D ya steshenari ina filamu, nyimbo, nakala za programu na chelezo za simu za watu, na karani hatatafuta neno lolote ndani ya hivyo. C nayo ina maelfu ya faili za mfumo zinazobadilika kila saa, na kila badiliko linaipa huduma kazi upya.

Microsoft wenyewe wanaeleza kwamba utafutaji unaweza kuanza kuzorota vitu vinapozidi 400,000, na kwamba kupita 1,000,000 kunaweza kuifanya kazi ishindikane au kuielemea kompyuta. Kama mstari wa juu unaonyesha idadi iliyo karibu na hizo, utafutaji wako ni wa polepole kwa sababu faharasa imejaa takataka. Punguza maeneo. Kwenye Settings, ukurasa wa Searching Windows una chaguo la Enhanced linaloorodhesha kompyuta nzima. Kama limewashwa, rudisha Classic.

### Vizuizi viwili vidogo

Eneo linaweza kuwa kwenye orodha na bado maandishi ya ndani yasisomwe. Kwenye dirisha lilelile bofya Advanced, kisha File Types. Tafuta `docx` na uhakikishe hapo chini pamechaguliwa Index Properties and File Contents. Ikiwa ni Index Properties Only, Windows itajua jina la faili na tarehe yake, basi.

Kizuizi cha pili kiko kwenye folda yenyewe. Bofya kulia `D:\KAZI`, chagua Properties, halafu Advanced. Kisanduku cha Allow files in this folder to have contents indexed in addition to file properties kiwe na tiki. Ukikitia tiki, Windows itauliza kama badiliko liguse na folda za ndani. Kubali.

### Dalili kwamba umefaulu

Baada ya kuongeza eneo huhitaji kujenga upya chochote. Idadi iliyo juu ya Indexing Options itaanza kupanda yenyewe. Iache ifike Indexing complete., kisha ingia `D:\KAZI` na uandike `content:pango`. Karani wetu alipofanya hivyo, `juma-nyumba.docx` ilitokea kabla hajaondoa mkono kwenye kibodi, pamoja na mikataba mingine ya pango aliyokuwa amesahau kwamba aliichapa.

## Hatua ya 5: Kujenga upya faharasa

Fika hapa ukiwa na mojawapo ya dalili hizi: huduma ni Running lakini jaribio la neno la ajabu limeshindwa, idadi ya vitu imeganda mahali pamoja kwa saa nyingi huku ikidai inaendelea, wakati hakuna anayetumia kompyuta, matokeo yanaleta faili ulizokwisha kuzifuta au kuzihamisha, au faili za zamani zinaonekana ila za wiki hii hazimo.

Kwanza ondoa hofu. Kitendo hiki kinafuta faharasa, hakigusi faili zako. Nyaraka, picha na barua pepe zinabaki zilipo.

1. Funga programu kubwa na uchomeke chaji. Kwenye Settings zuia kompyuta isilale yenyewe usiku huo, kwa sababu ikilala kazi husimama.
2. Fungua `control.exe srchadmin.dll`. Ondoa kwenye Modify maeneo usiyoyahitaji sasa hivi, kabla ya kujenga. Hakuna sababu ya kuorodhesha filamu upya.
3. Bofya Advanced. Kwenye sehemu ya Troubleshooting bofya Rebuild. Windows itakuonya kwamba kazi inaweza kuchukua muda mrefu na matokeo yatakuwa pungufu hadi iishe. Bofya OK.
4. Angalia idadi. Itashuka hadi sifuri au karibu yake, kisha ianze kupanda. Ikipanda, ondoka. Bonyeza Windows na L kufunga skrini, uiache ifanye kazi.

Muda hutegemea wingi wa faili na kasi ya diski. Faili elfu chache kwenye diski ya SSD zinaweza kuisha ndani ya muda mfupi. Mamia ya maelfu kwenye diski inayozunguka yanaweza kuchukua saa nyingi, hata siku nzima ukiendelea kuitumia mashine.

Wengi huharibu kazi hapa. Asubuhi wanakuta haijaisha, wanadhani imekwama, wanabonyeza Rebuild tena. Kila ukibonyeza, inaanza kutoka sifuri. Ukiwa na wasiwasi, andika idadi kwenye karatasi, iache kompyuta nusu saa bila kuigusa, kisha linganisha. Ikiwa imepanda, hata kidogo, subiri. Umeme ukikatika katikati, washa kompyuta na uiache iendelee. Hapo pia huhitaji kubonyeza tena.

Wanaotumia Outlook ya kompyuta waiache ikiwa wazi, kwani barua pepe huorodheshwa inapokuwa imefunguliwa.

Umefaulu ukiona Indexing complete., idadi inayokaribiana na wingi halisi wa faili zako, na `content:kizumbwezumbwe` ikijibu papo hapo.

## Hatua ya 6: Kujenga upya kukishindikana

Ikiwa kitufe hakifanyi kitu, au idadi haiondoki sifuri, ilazimishe Windows ianzishe utafutaji kama vile ni mara ya kwanza. Tafuta `cmd`, bofya kulia, chagua Run as administrator, kisha andika amri hizi moja baada ya nyingine:

```
net stop WSearch
reg add "HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows Search" /v SetupCompletedSuccessfully /t REG_DWORD /d 0 /f
net start WSearch
```

Ya kwanza inasimamisha huduma, ya pili inaiambia kwamba haijawahi kusakinishwa vizuri, ya tatu inaiwasha ili ijipange upya. Nakili mstari wa pili kama ulivyo. Unagusa rejista ya Windows, na hapo si mahali pa kubahatisha. Baadaye rudi hatua ya 4 uhakikishe `D:\KAZI` bado imo kwenye orodha, maana mpangilio unaweza kurudi ulivyokuwa kiwandani.

Ikiganda kila mara kwenye idadi ileile, shuku faili moja iliyoharibika. Toa nusu ya folda kwenye Modify uone kama itapita, kisha zirudishe kidogokidogo mpaka uijue folda yenye tatizo.

## Yasiyotibiwa na faharasa mpya

PDF iliyotoka kwenye skana ni picha ya karatasi, haina maandishi ya kusomwa. Utaipata kwa jina lake tu, kwa hiyo ipe jina linaloeleweka siku unayoiskani. Faili za OneDrive zilizobaki mtandaoni, zile zenye alama ya wingu, nazo hupatikana kwa jina. Maandishi yake hayasomwi mpaka uzishushe kwenye kompyuta. Na menyu ya Start inayokawia kufunguka au kuja tupu inaweza kuwa inasubiri majibu ya Bing kupitia intaneti dhaifu. Kata intaneti kwa muda ujaribu tena. Ikiwa nyepesi, faharasa haihusiki.

Kuna na jambo linalotuhusu sisi tunaoandika Kiswahili. Faharasa hulinganisha maneno kuanzia mwanzo wa neno. Ukitafuta `lip` utapata "lipa" na "lipia", lakini hutapata "amelipa", "walilipa" wala "malipo", kwa kuwa hayaanzi na herufi hizo. Kiswahili kinabadilisha neno mbele: mkataba huwa mikataba, kitambulisho huwa vitambulisho, na kila kitenzi kinavaa viambishi vyake. Mtu anayetafuta "lipa" ndani ya mikataba yake akakosa, anadhani Windows imeharibika, kumbe waraka unasema "atalipa".

Kwa maandishi ya ndani, taja maumbo unayoyatarajia na uyaunganishe kwa `OR` ya herufi kubwa:

```
mkataba OR mikataba
atalipa OR amelipa OR malipo
```

Kwa majina ya faili, nyota mbili zinasaidia: `*kataba*` italeta faili yenye "mkataba" na yenye "mikataba" kwenye jina. Na usipokumbuka kabisa neno lilivyoandikwa, acha neno. Tafuta kwa aina ya faili na tarehe, kisha upitie matokeo kwa macho:

```
ext:.docx datemodified:last month
```